Kumwandikia mwalimu wa zamani kuomba barua ya mapendekezo ya masomo ya nje

Swali: “Nilihitimu shahada ya kwanza ya kilimo Morogoro mwaka 2020 kwa GPA ya 3.8. Sasa naomba shahada ya uzamili, chuo kimoja Marekani na kingine Uingereza, na vyote vinataka barua za mapendekezo. Mwalimu aliyesimamia utafiti wangu wa mwaka wa mwisho, uliohusu dumuzi kwenye mahindi ghalani, hatujawasiliana tangu mahafali. Naona haya kumtafuta nikiwa na shida tu. Nimwandikie vipi kwa Kiswahili cha heshima? Wenzangu pia wanasema ataniambia niandike mwenyewe yeye atie saini. Nikubali?”

Mwandikie huyo huyo, wala usimtafute mwingine mwenye cheo kikubwa zaidi kwa kuogopa ukimya wa miaka iliyopita. Mwalimu wa chuo hupokea mamia ya wanafunzi kila mwaka, na hategemei kila mmoja ampigie simu ya salamu baada ya mahafali. Kinachomsumbua ni kuombwa amtolee ushahidi mtu ambaye hamkumbuki sawasawa. Akiombwa hivyo huwa na njia mbili, ama akatae, ama aandike yale yanayoweza kuandikwa juu ya mwanafunzi yeyote. Wengi wetu kwa ubinadamu hatukatai, tunaandika. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya barua yako ni kumrudishia kumbukumbu, na adabu ya maneno inafuata nyuma ya hilo.

Nimeandika barua hizi kwa muda mrefu na nimekaa kwenye kamati za udahili nikizisoma za wenzangu, na nitakueleza barua dhaifu ilivyo. Inasema kwamba mwombaji alisoma idara yetu kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani, alihudhuria vipindi, ana nidhamu na tabia njema, anaelewana na wenzake, na kwa hiyo anapendekezwa bila shaka yoyote. Huku kwetu barua kama hiyo inasomeka vizuri, kwa sababu tumelelewa na cheti cha kumaliza shule ambacho neno lake kubwa ni tabia. Msomaji wa Marekani au Uingereza hupata ujumbe mwingine, kwamba mwalimu huyu hana la kusema juu ya akili ya mwanafunzi wake. Anachotafuta msomaji huyo ni jambo ambalo mwalimu alilishuhudia, ambalo halimo kwenye cheti wala kwenye insha yako mwenyewe: ulifanya nini utafiti ulipokwama, swali gani uliuliza, ulichukuaje ulipokosolewa. Tena fomu nyingi za vyuo vya Marekani, mbali na barua, humtaka mwalimu akuweke kwenye daraja ukilinganishwa na wanafunzi wengine aliowafundisha, kwamba umo katika asilimia 5 ya juu, au 10, au 25. Mwalimu asiyekukumbuka, akiwa mwaminifu, ataacha nafasi hiyo wazi, na nafasi iliyoachwa wazi kamati huiona.

Kabla hujaandika neno lolote, usiingize jina la mwalimu kwenye mfumo wa maombi. Ipo mifumo inayomtumia mwalimu barua pepe papo hapo unapobonyeza kitufe cha kumwomba, na ipo inayomtumia baada tu ya wewe kukamilisha na kuwasilisha maombi yako yote. Ukikosea kwenye aina ya kwanza, mwalimu atapokea ujumbe wa kiingereza kutoka chuo asichokijua, ukimtaka atoe barua kabla wewe mwenyewe hujampigia hodi, na hilo ni utovu wa adabu hata kama hukukusudia. Kwenye aina ya pili hatari ni ya muda, kwani ukisubiri kuwasilisha maombi siku ya mwisho, mwalimu atapata kiungo chake siku hiyo hiyo ya mwisho. Soma maelekezo ya kila chuo ujue kipo upande gani. Vyuo vya Uingereza havifuati njia moja: kimoja kitamtumia mwalimu kiungo, kingine kitakuruhusu wewe upakie barua iliyosainiwa kwenye karatasi yenye nembo ya chuo. Mwalimu anahitaji kuambiwa mapema ni ipi kati ya hizo, maana zinampa kazi tofauti.

Njia ya kumfikia nayo ina mpangilio wake. Ujumbe wa WhatsApp au simu unafaa kwa hodi tu: mwamkie, jitambulishe kwa jina kamili na mwaka uliohitimu, mwambie una ombi la kimasomo, na uulize anwani ya barua pepe anayopenda kuitumia. Ombi lenyewe lipeleke kwa barua pepe, ili viambatisho vikae pamoja na tarehe zibaki zimeandikwa mahali anapoweza kuzirudia. Uulizapo anwani, mwombe kwa upole ile ya chuo, inayoishia .ac.tz. Kamati huweza kuwa na mashaka na mdhamini anayetumia anwani ya Gmail, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuifungua kwa jina lolote. Kama mwalimu amestaafu na hana tena anwani ya chuo, si kizuizi, ila barua yake itaje cheo alichokuwa nacho, idara, na namba ya simu anayopatikana.

Umeuliza kuhusu Kiswahili. Kama nje ya darasa mlizungumza Kiswahili, mwandikie Kiswahili bila wasiwasi. Barua yake kwa chuo itakuwa ya kiingereza, kwa hiyo viambatisho vyako ndivyo viwe vya kiingereza, asihangaike kutafsiri istilahi. Nimekuandikia mfano mzima kwa kufuata hali yako. Mambo ya utafiti nimeyabuni ili uone kiwango cha undani unaotakiwa, wewe weka ya kweli.

“Yah: Ombi la barua ya mapendekezo kwa masomo ya uzamili (tarehe ya mwisho 1 Desemba)

Shikamoo Mwalimu,

Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na familia. Mimi ni (jina kamili), namba ya usajili (namba), niliyehitimu shahada ya kwanza ya kilimo mwaka 2020. Ulinisimamia utafiti wa mwaka wa mwisho uliohusu upotevu wa mahindi unaosababishwa na dumuzi katika vijiji viwili vya Kilosa. Huenda utanikumbuka kwa ile sampuli ya kijiji cha pili iliyotoka bila wadudu kabisa, nikarudi kwa wenye maghala na kugundua kwamba kaya kadhaa zilikuwa zimekwisha kuchanganya dawa ya unga. Wewe ndiye uliyenielekeza nisizitupe sampuli hizo, bali nizitenge kama kundi la pekee.

Tangu nilipohitimu nimekuwa nikifanya kazi na wakulima wa nafaka, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni uhifadhi baada ya mavuno. Kwa sababu hiyo ninaomba nafasi ya shahada ya uzamili katika vyuo viwili, kimoja Marekani na kingine Uingereza, ili niendelee na masuala yale yale ya wadudu waharibifu wa ghalani.

Mwalimu, ninakuomba uniandikie barua ya mapendekezo. Nimekuja kwako kwa kuwa wewe ndiye uliyeona kazi yangu ya utafiti tangu mwanzo hadi mwisho, na vyuo hivi vinataka kusikia juu ya utafiti zaidi ya alama. Ninaelewa kwamba una majukumu mengi na kwamba miaka imepita. Endapo nafasi haitaruhusu, au endapo unaona huna kumbukumbu ya kutosha kuandika kwa uzito, nitaelewa kabisa na nitashukuru ukinijulisha, ikiwezekana kabla ya tarehe 15 Oktoba, ili nipate muda wa kumwomba mwalimu mwingine.

Ukikubali, chuo cha Marekani kitakutumia kiungo kwa barua pepe, na barua inatakiwa kufika tarehe 1 Desemba. Chuo cha Uingereza kinataka barua iliyosainiwa, yenye nembo ya chuo, ifike tarehe 15 Desemba. Sitaingiza jina lako kwenye mfumo wowote hadi nipate idhini yako. Nimeambatisha nakala ya matokeo yangu, muhtasari wa utafiti, wasifu wangu, rasimu ya insha ya maombi, na ukurasa mmoja wa dondoo za kukumbushia.

Ninakushukuru kwa uliyonifundisha na kwa muda wako wa kusoma barua hii.

Mwanafunzi wako,
(jina kamili, simu)”

Tazama kwamba tarehe ya mwisho ipo kwenye kichwa cha habari. Mwalimu akitafuta barua yako wiki tatu baadaye katikati ya mamia mengine, ataipata kwa neno hilo. Tazama pia namba ya usajili, ambayo mwombaji huiona kama jambo dogo, ilhali ndiyo inayomwezesha mwalimu kufungua kumbukumbu za idara na kukuona ulivyofanya kwenye somo lake, pamoja na ukubwa wa darasa lenu. Bila ukubwa wa darasa hawezi kujaza kile kipengele cha asilimia.

Sentensi nzito kuliko zote ni ile inayompa mwalimu ruhusa ya kukataa. Waombaji wengi huiruka kwa kuona ni sawa na kujifungia mlango. Lakini katika desturi yetu mkubwa hamwambii mdogo “siwezi” waziwazi, hasa mdogo aliyekuja kwa unyenyekevu. Atasema “tutaona”, au “nitumie tu hizo karatasi”, na wewe utahesabu kwamba amekubali. Unapomwekea sababu mbili za heshima, nafasi na kumbukumbu, unampa njia ya kutoka bila kuvunja uso wa mtu. Na anayekubali baada ya kupewa njia ya kutoka huwa amekubali kweli, hata uandishi wake huwa tofauti. Tarehe 15 Oktoba nimeiweka nikichukulia kwamba unaandika mwanzoni mwa mwezi huo, yaani wiki nane kabla. Wiki sita zinatosha. Chini ya wiki nne ni kumkaba, na kama wiki hizo zinaangukia msimu wa kusahihisha mitihani, hata sita ni chache.

Ule ukurasa wa dondoo ndio utakaoamua uzito wa barua, kwa hiyo utulie nao. Usiandike sifa zako. “Nina bidii na ubunifu” haimsaidii mwalimu, kwa kuwa hawezi kuapa juu ya bidii aliyoambiwa na mwenye bidii. Andika matukio aliyoyashuhudia, kila moja kwa mistari mitatu au minne, na uishie hapo, hukumu ni yake. Kwa mfano: “Machi 2020. Nililazimika kurudi kijiji cha pili kwa sababu sampuli za kaya nane hazikuwa na dumuzi hata mmoja. Niliwauliza wenye maghala tarehe waliyochanganya dawa na kiasi walichotumia. Nilikuletea jedwali jipya lenye makundi mawili, tukalijadili ofisini.” Mwalimu akisoma hivyo atakumbuka hata kiti ulichokalia, na sentensi atakayoiandika mwenyewe kutokana na hapo, kwamba mwanafunzi huyu hakuficha matokeo yasiyopendeza bali aliyafuata hadi chanzo chake, hiyo ndiyo kamati inayoitafuta. Matukio matatu yanatosha. Ukileta kumi atachukua mawili ya juu na kuacha mengine, na huenda yaliyo bora umeyaweka chini.

Katika ukurasa huo huo weka mstari mmoja kuhusu GPA. Kwetu kipimo kinafika 5.0, na 3.8 ni daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5 hadi 4.3. Msomaji wa Marekani amezoea kipimo kinachoishia 4.0, na akiiona 3.8 peke yake anaweza kudhani ni karibu na ukamilifu, kisha akigundua kipimo akadhani amedanganywa, au akaipiga hesabu ya uwiano na kuiona ya chini kuliko inavyostahili. Mwalimu ndiye mtu mwenye mamlaka ya kuliweka sawa kwa sentensi moja, akieleza daraja hilo maana yake nini katika idara yenu na ni wanafunzi wangapi hulifikia kwa mwaka. Mwombe hivyo waziwazi. Hakuna aibu, kwa sababu unamwomba aeleze, hujamwomba akuongezee.

Sasa suala la kuambiwa uandike mwenyewe. Wenzako hawakukosea kukutahadharisha, linatokea sana, na mara nyingi halitokani na uvivu wa mwalimu bali na mzigo wa kazi na kutojua kwamba huko ziendako lina uzito mwingine. Ushauri wangu ni kwamba usiandike. Kwanza, mfumo wa Marekani utakuuliza kama unaachilia haki yako ya kuisoma barua hiyo, haki iliyowekwa na sheria yao ya mwaka 1974 inayojulikana kama FERPA. Waombaji wengi huiachilia, na nakushauri nawe uiachilie, maana barua ambayo mwombaji hawezi kuisoma huaminiwa zaidi. Huwezi kutamka hivyo huku barua umeitunga wewe. Huo ni uongo ulioandikwa, na ukibainika unaweza kufuta udahili. Pili, uongo huo hujulikana. Msomaji wa kamati ana insha yako mezani na barua zako zote mbele yake, na mtu mmoja akiandika kwa mikono mitatu, viunganishi vyake, urefu wa sentensi zake na hata makosa yake ya kisarufi hujirudia. Tatu, na hili ndilo linalonisikitisha zaidi, mwanafunzi aliyelelewa vizuri hujiandikia kwa unyenyekevu. Nimeona rasimu ambazo mwanafunzi alijipa sifa za wastani kwa kuona haya, wakati mwalimu wake angeandika mara mbili ya hapo.

Jibu lako kwake liwe la heshima, na limwondolee mwalimu mzigo ule ule aliotaka kuuondoa. Unaweza kusema: “Nakushukuru sana Mwalimu kwa kuniamini. Chuo kinataka barua iwe ya mwalimu mwenyewe na mimi ninathibitisha kwenye fomu kwamba sitaisoma, kwa hiyo nachelea kuiandika. Ili nisikuchukulie muda mwingi, nimepanga dondoo kwa mfuatano unaoweza kuutumia moja kwa moja, na ukurasa mmoja unatosha. Kama itakuwa rahisi zaidi kwako, naweza kukupigia kwa dakika kumi wakati wowote utakaonipangia.” Walimu wengi wakifikishiwa hivyo huandika. Akishikilia kwamba bila rasimu hawezi, mshukuru na umwombe mwalimu mwingine, hata mwenye cheo cha chini. Mhadhiri msaidizi aliyekaa nawe maabara anafaa kuliko profesa atakayetia saini tu.

Akikubali, ingiza jina lake siku hiyo hiyo na umjulishe kwamba kiungo kimeshatumwa, umtajie jina la chuo kitakachoonekana kama mtumaji, na umwombe aangalie pia kwenye Spam, kwa sababu barua za mifumo hii huangukia humo mara nyingi. Mifumo mingi hukuonyesha kama barua imepokelewa au bado. Itazame hiyo kabla ya kumkumbusha, maana kumkumbusha mtu aliyekwisha kutuma ni kumkera bure. Kama bado, mkumbushe wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho kwa mistari miwili juu ya barua ile ile ya kwanza, ili viambatisho viwe chini yake, na mara ya mwisho siku nne kabla, safari hii kwa simu.

Ukimya wa mwanzo usome mapema. Zikipita siku kumi bila jibu la barua pepe, piga simu mara moja kuuliza kama imefika. Akijibu “nimeiona, tutawasiliana” na wiki nyingine ikapita, chukua hilo kuwa jibu na uandike kwa mwalimu wa pili. Huyo wa kwanza mwandikie kwamba umepata msaada na usingependa kumsumbua zaidi, uwezekano wa kumrudia mwakani ubaki. Kwa aliyeandika, mshukuru siku mfumo unapoonyesha barua imefika, na usitume zawadi wala fedha kabla matokeo hayajatoka. Matokeo yakitoka mjulishe, yawe ya kukubaliwa au kukataliwa. Ukikataliwa utahitaji barua tena msimu ujao, na mwalimu aliyehifadhi nakala yake ataibadilisha tarehe na jina la chuo kwa muda mfupi, mradi anajua ya kwanza iliishia wapi.